Dola tisini unazolipa, thelathini tu ndizo zinazogusa deni

Taarifa ya kadi ya mkopo ya Marekani ina namba mbili zinazowekwa juu kabisa, karibu karibu. Moja ni deni lote. Ya pili, ndogo mno ukiilinganisha na ya kwanza, ni kiasi cha chini unachotakiwa kulipa mwezi huo, na kwenye karatasi au simu utakisoma kama "Minimum Payment Due". Ndugu zetu wengi wanaoishi kule hulipa hicho cha pili kwa uaminifu mkubwa, hawachelewi hata siku moja, kisha mwaka unapita na wanashangaa deni liko palepale. Wanadhani benki imekosea hesabu, lakini hesabu ni sahihi, na ndiyo ninayotaka tuifungue hapa kwa utulivu, hatua kwa hatua, maana ukishaiona huwezi tena kukitazama kiwango cha chini kama zamani.

Tumchukue mtu anayeishi Houston. Amepigiwa simu usiku kwamba kuna msiba Mombasa, na tiketi ya haraka haina bei nafuu. Nauli, na vitu viwili vitatu vya kufika navyo nyumbani, vyote vimepita kwenye kadi, na aliporudi deni likawa dola 3,000. Riba ya kadi yake ni asilimia 24 kwa mwaka, kiwango cha kawaida kabisa kwenye kadi za siku hizi kule. Tuseme pia kwamba tangu siku hiyo ameiweka kadi kabatini na hanunui nayo chochote. Taarifa ya kwanza inamwambia alipe walau dola 90.

Hizo 90 zimetoka wapi? Kila benki ina kanuni yake, imeandikwa kwenye mkataba wa kadi, lakini benki kubwa nyingi za Marekani hufuata muundo mmoja: asilimia moja ya deni, ukijumlisha riba yote ya mwezi huo, ukijumlisha faini kama ipo. Asilimia moja ya 3,000 ni dola 30. Riba ya asilimia 24 kwa mwaka ni kama asilimia 2 kwa mwezi, yaani dola 60. Jumla ni 90. Halafu kuna sakafu: hesabu hiyo ikitoa kiasi kidogo sana, benki hudai kiasi kisichobadilika, mara nyingi kati ya dola 25 na 40. Kadi ya mtu wetu ina sakafu ya dola 35. (Benki nyingine huchukua ile asilimia moja baada ya kuongeza riba, na miezi ina siku tofauti, kwa hiyo senti zitacheza kidogo. Mwenendo haubadiliki.)

Sasa itazame tena ile 90. Dola 60 zinaenda kwenye riba, zinaondoka, hazirudi. Dola 30 peke yake ndizo zinazopunguza deni. Amelipa 90, deni limetoka 3,000 likawa 2,970. Mwezi wa pili anaambiwa alipe 89 na senti 10. Riba inameza 59 na senti 40, deni linapungua kwa 29 na senti 70. Katika kila dola tatu anazotoa, mbili ni za benki na moja ni ya deni, na uwiano huo utamfuata kwa miaka mingi ijayo.

Baada ya mwaka mzima wa kulipa bila kukosa, atakuwa ametoa dola 1,022 hivi. Deni litakuwa 2,659. Baada ya miaka mitano atakuwa ametoa dola 4,075, yaani zaidi ya deni lote alilochukua mwanzoni, na bado atakuwa anadaiwa 1,641. Hapa ndipo watu hupiga simu benki kwa hasira. Na mhudumu, kwa sauti ya upole, humsomea mpigaji hesabu ileile niliyoiandika hapo juu, kwa sababu hakuna nyingine.

Wengi wakifika hapa husema tatizo ni riba, na yaishe. Riba ni kubwa kweli, sibishi. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini deni linachukua muongo mzima na zaidi, angalia kitu kingine ambacho kwa macho ya mlipaji kinaonekana kama huruma: kiasi anachodaiwa kinashuka kila mwezi. Alianza na dola 90. Mwisho wa mwaka wa kwanza anaombwa kama 80. Mwaka wa tano unapoisha anaombwa chini ya 50. Kila taarifa inayokuja ni nyepesi kuliko iliyotangulia, na yeye anashukuru, kwani pesa iliyobaki mfukoni ina kazi zake: ada za shule za wadogo zake, dawa za mama, mchango wa harusi ya binamu. Anachokosa kuona ni kwamba malipo yanaposhuka, sehemu inayopunguza deni inashuka nayo. Mwezi wa kwanza alilipunguza kwa dola 30; mwezi wa 60 analipunguza kwa 16 na ushei. Ni sawa na mtu anayefua maji kwenye mtumbwi unaovuja huku kila mara akipewa kata ndogo zaidi, kwa maelezo kwamba maji nayo yamepungua.

Ndiyo maana deni hilo halifiki nusu mpaka miezi 69 ipite, karibu miaka sita. Baada ya miezi 94 deni limebaki dola 1,166, na hapo kanuni ya asilimia inagonga sakafu ya dola 35. Kuanzia hapo malipo yanasimama mahali pamoja. Na kwa kweli sakafu hiyo ndiyo inayomwokoa, kwa kuwa sasa riba inashuka wakati malipo hayashuki, na deni linaanza kuyeyuka kwa kasi ambayo hajaiona tangu mwanzo. Miezi mingine 56 inatosha kulimaliza. Jumla ni miezi 150, miaka kumi na miwili na nusu. Ametoa kama dola 7,440 kwa deni la 3,000. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa msiba ule sasa yuko darasa la sita au la saba.

Sasa tubadilishe jambo moja tu. Mtu huyuhuyu, kadi hiyohiyo, riba hiyohiyo. Mwezi wa kwanza analipa dola 90, kama alivyoambiwa. Mwezi wa pili benki inaomba 89 na senti 10. Yeye analipa 90. Mwezi wa kumi na mbili inaomba 80, analipa 90. Hajaongeza hata senti juu ya kile alichokiweza mwezi wa kwanza, ila amekataa kushuka pamoja na taarifa. Deni linaisha mwezi wa 56, chini ya miaka mitano, na jumla aliyotoa ni dola 4,993. Ameokoa karibu dola 2,450 na miaka karibu minane. Haikuhitajika kazi ya pili ya usiku, wala mkopo wa kulipia mkopo. Nimekuwa nikiwaonyesha watu hesabu hii, na kila mara kinachowashangaza ni kwamba kiasi kilekile walichokwisha kukizoea kinatosha kukata muda kwa zaidi ya nusu.

Akiweza kufika dola 117 na senti 70, yaani chini ya dola 28 juu ya ile 90, anamaliza kwa miezi 36, na riba yote inakuwa 1,237 badala ya 4,440.

Hii namba ya miezi 36 sikuichagua mimi. Iko kwenye sheria. Mwaka 2009 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kadi za mkopo ambayo Rais Obama aliitia saini mwezi Mei mwaka huo, na tangu ilipoanza kutumika kila taarifa lazima iwe na kisanduku chenye kichwa "Minimum Payment Warning". Humo benki inalazimika kukuambia utachukua muda gani ukilipa kiwango cha chini peke yake, utakuwa umetoa jumla ya pesa ngapi, na ungelipa kiasi gani kwa mwezi ili umalize kwa miaka mitatu. Hesabu niliyokupitisha hapa imo kwenye karatasi ya kila mwenye kadi, imekokotolewa kwa deni lake mwenyewe na riba yake mwenyewe. Kisome kisanduku hicho ukijua kwamba kinachukulia hutanunua kitu kingine kwa kadi hiyo; ukinunua, miaka iliyoandikwa pale haitoshi tena.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Benki nyingi zilikuwa zikidai asilimia 2 ya deni basi, riba ikiwa humohumo ndani. Ziweke hizo asilimia 2 kwenye kadi ya mtu wetu: asilimia 2 ya 3,000 ni dola 60, na riba ni dola 60. Angelipa maisha yake yote na deni lisingesogea. Ikiingia faini moja ya kuchelewa, lingekua huku analipa. Mwanzoni mwa mwaka 2003 wasimamizi wa benki wa serikali ya Marekani waliziandikia benki kwamba kiwango cha chini lazima kilipunguze deni ndani ya muda unaoeleweka, na hapo ndipo muundo wa riba jumlisha asilimia moja ulipoenea. Kwa hiyo ile dola 30 inayogusa deni, ndogo kama ilivyo, ilipatikana kwa kusukumwa. Uingereza nayo iliweka sharti la namna hiyo mwaka 2011.

Nasema wazi kwamba asilimia moja haitoshi. Kanuni inayomwacha mtu miaka kumi na miwili kwenye deni la nauli imetimiza herufi ya agizo la 2003, ila sioni muda gani hapo unaoeleweka. Na kisanduku cha 2009 kiliandikwa kwa ajili ya karatasi, wakati watu sasa wanalipa kwa simu. Fungua programu ya benki yako ubonyeze sehemu ya kulipa. Utaletewa chaguo: "Minimum Payment Due", "Statement Balance", "Current Balance", na mahali pa kujaza kiasi chako mwenyewe. Kiasi cha miezi 36, ambacho benki imekwisha kukikokotoa na kukichapisha, mara nyingi hakimo kati ya vitufe hivyo. Kimebaki kwenye faili la taarifa ambalo watu wachache hulifungua. Ningekuwa na sauti kwa wasimamizi ningeomba jambo hilo moja: kiwekwe hapo, kitufe cha pili, kwa saizi ileile ya maandishi.

Wala hili si suala la sura ya programu tu. Mwanasaikolojia Neil Stewart wa Uingereza alichapisha mwaka 2009 utafiti ambao aliwapa watu taarifa ya kadi ya kubuni na kuwauliza wangelipa kiasi gani. Baadhi walionyeshwa kiwango cha chini, wengine hawakuonyeshwa. Kati ya wale ambao hawakusudii kulipa deni lote, walioonyeshwa kile kiwango walisema wangelipa kiasi pungufu kuliko wale ambao hawakukiona kabisa. Namba ndogo iliyowekwa mbele ya macho inavuta mkono kuelekea kwake, hata kwa mtu mwenye uwezo wa kutoa zaidi. Anayelipa 90 kwa sababu ndizo alizonazo ana shida moja. Anayelipa 90 akiwa na 120 mfukoni kwa sababu 90 ndiyo iliyoandikwa ana shida nyingine, na huyu wa pili ndiye makala hii inamlenga.

Kuna mtego mwingine ambao hauonekani kwenye hesabu hiyo. Mtu wetu tulimfungia kadi kabatini. Watu wa kweli hawafanyi hivyo. Kadi inaendelea kujaza mafuta ya gari na kununua unga na mchele. Hapa inabidi ujue jinsi riba inavyohesabiwa. Ukilipa deni lote la taarifa kila mwezi, manunuzi mapya hayatozwi riba hadi tarehe ya malipo, ambayo kisheria haiwezi kuwa chini ya siku 21 tangu taarifa itumwe. Ukibakiza deni, kwa kadi nyingi nafuu hiyo inaondoka. Riba inaanza kuhesabiwa siku uliyonunua, na inahesabiwa kila siku: asilimia 24 igawanywe kwa 365, kwa deni la 3,000 ni karibu dola mbili kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mtu anayelipa kiwango cha chini na kununua vitu vya dola 30 kila mwezi amerudisha palepale kila alichokipunguza. Atatoa zaidi ya dola elfu moja kwa mwaka, na taarifa ya Desemba itasoma 3,000 kama ya Januari. Ndiyo maana ninashauri manunuzi ya kila siku yahamie kwenye kadi ya benki ya kawaida mpaka deni liishe, hata kama kadi ya mkopo inatoa pointi. Pointi za asilimia moja au mbili hazifui dafu mbele ya riba ya 24.

Utajuaje hali yako bila kuwa mtaalamu? Chukua taarifa ya mwezi uliopita. Tafuta ulicholipa. Kisha shuka hadi sehemu iliyoandikwa "Interest Charged". Toa cha pili kwenye cha kwanza. Kinachobaki ndicho ulicholipia deni mwezi huo, kabla ya kuhesabu ulichonunua upya. Nimewaona watu wazima, wenye kazi nzuri, wakikaa kimya kwa muda baada ya kutoa hesabu hiyo moja.

Angalia pia malipo ya moja kwa moja. Wengi waliojiwekea utaratibu wa benki kukata pesa yenyewe kila mwezi walichagua kiwango cha chini siku ya kwanza ili wasipate faini, wakasahau. Utaratibu huo unashuka pamoja na taarifa bila mtu kuona. Uingie ubadilishe uwe kiasi maalum, sawa na kile unachodaiwa leo au zaidi. Kuna tahadhari moja: kiasi hicho kikiwa chini ya kiwango cha chini cha mwezi fulani, mathalani baada ya kununua kitu kikubwa, utahesabiwa hukulipa inavyotakiwa na faini itakuja. Ukiacha kununua kwa kadi hiyo, hatari hiyo inapungua sana.

Nisieleweke kwamba kiwango cha chini hakina kazi. Mwezi ambao umepunguziwa saa za kazi, au mtoto amelazwa, kilipe hicho na usikose. Ukikosa, kuna faini. Ukifika siku 30 bila kulipa, benki inaweza kuripoti kwenye rekodi yako ya mkopo, ile ambayo mwenye nyumba na muuza magari wataiangalia. Ukipita siku 60, sheria inairuhusu benki kupandisha riba ya deni ulilo nalo tayari, na ukilipa kwa wakati miezi sita mfululizo baada ya hapo lazima iishushe. Kiwango cha chini kinakukinga na hayo yote. Kwa kazi hiyo kinafaa, na mwezi ukiwa mzuri rudi kwenye kiasi chako.

Kwa walio Ghuba, sheria za Marekani hazitawafuata huko, lakini hesabu ni ileile na unaweza kuifanya wima ukisubiri basi. Tafuta namba mbili za asilimia kwenye mkataba wako: ya kiwango cha chini, na ya riba kwa mwezi. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Kadi inayodai asilimia 5 ya deni na kutoza riba ya asilimia 3 kwa mwezi inapunguza deni kwa asilimia 2 tu. Ni kasi mara mbili ya yule wa Houston, ila kwa riba kubwa zaidi, na kata inapungua vilevile. Kuwa mwangalifu na riba iliyoandikwa kwa mwezi: asilimia 3 inasomeka ndogo, na ni 36 kwa mwaka.

Jambo la mwisho ni la siku ya furaha. Ukishalipa deni lote lililoandikwa kwenye taarifa, mwezi unaofuata unaweza kuletewa riba ya dola chache ingawa unaamini umemaliza. Hiyo ni riba ya zile siku kati ya taarifa kutolewa na pesa yako kufika, kwa kuwa riba inatembea kila siku. Watu huona wamedhulumiwa, au hawafungui taarifa kabisa kwa kuwa deni limekwisha, halafu dola nne zinageuka faini ya kuchelewa. Ifungue taarifa hiyo, lipa hizo dola chache, na uifungue na inayofuata mpaka isome sifuri.